Nguzo Namba Mbili

Saa ya gari langu siigusi. Serikali ikitaka isogeze zake. Mimi Hammou naongeza saa moja kichwani, basi. Ramadhani tu ndipo sina haja ya kuongeza, maana mwezi huo Moroko nzima hurudi kwenye saa ya zamani, ninayoitumia mimi.

Ramadhani ikaisha, nchi ikasogeza saa mbele Jumapili. Jumanne, Tuda akaniandikia kutoka Lyon. Miaka tisa nawapokea jamaa zake uwanja wa ndege wa Casablanca.

"Mzee Hammou, ndege ya mama leo ni ile ile, ZR 614, ila haitui tena saa saba na nusu. Inatua saa tisa na dakika ishirini. Mkutane ukumbi wa wanaowasili, nguzo namba mbili, mbele ya duka la kahawa. Amepasuliwa macho, haoni, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nirudishie namba ya ndege, saa na mahali, nijue umenielewa."

Aka! Mimi wa kusomeshwa kama mtoto wa chekechea? Nikamjibu: "Sawa, inshallah." Simu nikaitupa kwenye droo ya gari.

Nilifika saa ya gari ikisema tisa na robo. Nikajisifu, nikashuka na karatasi yenye jina: Bibi Itto.

Ubao wa ndege ukanipiga kofi. Saa kumi na robo! ZR 614: imetua. Mwezi mzima sikuongeza kitu, na leo nimesahau kuongeza. Saa nzima!

Nguzo namba mbili, hakuna mtu. Kiti cha magurudumu kitupu. Bibi wa watu, haoni, Kiarabu chenyewe hajui, ni Kiamazighi tu!

Nikamshika mkono mhudumu wa viti. "Mwanangu, bibi aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Bibi Itto? Kachukuliwa na dereva wake."

"Dereva wake ni mimi!"

Akaitazama karatasi yangu, akanitazama usoni. "Mzee, mimi simwachi abiria hivi hivi. Yule alikuwa na jina lake, namba ya ndege, kila kitu. Na binti yake nimeongea naye kwenye simu."

Nilikimbia hadi garini, nikatoa simu kwenye droo. Ujumbe wa Tuda ulikuwa pale, wa saa nyingi, sijaufungua.

"Mzee Hammou, nimekuomba unirudishie maneno matatu tu, ukaniandikia sawa. Nakujua wewe na saa yako. Niliogopa, nikampa kazi Bouazza. Yeye kanirudishia yote. Usijisumbue kwenda."

Chini yake kulikuwa na picha. Bibi Itto kakaa kiti cha mbele, bandeji machoni, anacheka, na Bouazza, niliyemfundisha kuendesha mimi mwenyewe, anamfunga mkanda.

Nilikaa pale bila kuwasha gari. Kisha nikainua kidole, nikaisogeza saa ya gari mbele.