Alama ya Asilimia

Nilikuwa nimeanguka somo la uimara wa vifaa mara mbili. Kama ningeanguka tena kwenye mtihani wa kesho yake, chuo kingenifukuza.

Darasani nilikuwa nikijipima kwa swali la mtihani wa zamani; lilionyesha mchoro wa mkazo wa chuma na kurefuka kwake, likataka moduli ya Young, yaani mkazo ukigawanywa kwa kurefuka. Kwenye mstari ulionyooka nilisoma mkazo wa megapaskali 200 kwenye mhimili wa wima na kurefuka kwa 0.1 kwenye ule wa chini, nikagawanya, nikapata gigapaskali 2. Nilirudia mara nne. Jibu halikubadilika, ingawa lilikuwa dogo mno kwa chuma, na kumwuliza mwalimu niliona haya.

Jirani yangu wa dawati akachungulia. "Bwana, hicho ni chuma au kandambili?"

Darasa likacheka. Nikainamia karatasi, nikaona alama ya asilimia chini ya mhimili wa kurefuka. Kumbe 0.1 ilikuwa 0.001, na jibu gigapaskali 200.

Nikafungua swali lililofuata. Safari hii nikaangalia kipimo kwanza: mhimili wake wa kurefuka ulikuwa wa milimita.