Arobaini na Mmoja

Wanafunzi walimwita Bi Dakika, kwa sababu hakuvumilia kuchelewa hata kwa dakika moja. Alikuwa mkuu wa idara ya hisabati. Asubuhi hiyo, saa moja kabla mkaguzi hajaingia darasa la saba, alikaa na mwalimu mgeni, binti aliyetoka chuoni karibuni, wakipitia andalio la somo.

"Hapa umeandika 'mwanafunzi aelewe sehemu.' Huko kuelewa utakupimaje?"

"Nitawauliza, madam."

"Watakujibu ndiyo kwa pamoja, kisha wote wakose. Andika, 'aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.' Hilo mkaguzi ataliona kwenye madaftari."

Binti aliandika haraka. Hakuwa ametimiza hata wiki mbili pale.

"Haya, muda. Utangulizi tano, maarifa mapya ishirini, mazoezi kumi na tano, tathmini kumi. Jumla?"

"Hamsini. Yesu wangu! Kipindi ni dakika arobaini."

Bi Dakika akacheka kidogo, kicheko ambacho idara haikuwa imekisikia tangu likizo. "Usife moyo, mwanangu. Andalio langu la kwanza lilikuwa na dakika sabini. Punguza maarifa mapya na mazoezi, tano tano."

Wakafika kwenye vikundi.

"Hapa ndipo nimekwama," binti alisema. "Waliosajiliwa ni arobaini na mmoja. Nikiwapanga wanane wanane napata vikundi vitano, mmoja anabaki. Sijui nimweke wapi."

Bi Dakika aliweka kidole juu ya ile namba.

"Nimekosea, madam? Nimeihesabu kwenye daftari la mahudhurio."

"Hujakosea. Daftari ndilo halijarekebishwa. Kuna msichana alifariki wakati wa likizo. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu. Mwalimu wa darasa alitaka kukata jina lake, nikamwomba asubiri kidogo."

"Poleni sana. Alikuwa ndugu yako?"

"Kitinda mimba wangu."

Binti aliweka kalamu chini, machozi yakamlengalenga. Alinyoosha mkono, akaurudisha, kisha akathubutu kuushika wa mkuu wake.

"Tuiache namba hiyo, madam. Mkaguzi akiuliza nitasema mmoja hajafika."

"Hapana. Atahesabu vichwa, na wewe ndiwe utakayeonekana mzembe." Alimrudishia kalamu. "Andika arobaini. Vikundi vitano vya wanane. Hakuna anayebaki."

Somo lilikwenda vizuri, na kengele ilipolia watoto walikuwa wameshakusanya madaftari. Mkaguzi alimsifu binti kwa mpangilio wa vikundi. Bi Dakika, aliyekuwa ameketi nyuma, aliona kila dawati limejaa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyegeuka kumtafuta mwenzao.

Mchana alimwomba mwalimu wa darasa daftari la mahudhurio, akalifungua mwenyewe. Akaweka rula juu ya jina. Mstari ulipinda katikati, naye hakuunyoosha.