Kilomita Kumi na Nne za Mpakani

Rahabu alikuwa mtu wa ramani katika ofisi moja ya barabara mjini Singida. Watu wa mtaani kwake walidhani anachora kwa rangi na rula, na alishaacha kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kujibu swali moja kwa namna nyingi: kila wilaya ina barabara za urefu gani? Swali la mtoto wa darasa la tatu, ungesema. Basi njoo ulijibu wewe.

Mwaka ule jumla ziligoma kukubaliana. Alipopima barabara zote za mkoa kwa pamoja, alipata namba moja. Alipozikata kwa wilaya, kila wilaya ikachukua vipande vyake, kisha akajumlisha wilaya zote, namba ilikuwa kubwa zaidi. Ilizidi kwa kilomita kumi na nne. Barabara haizai, lakini hizi zilikuwa zimezaa.

Bosi wake, Bwana Melkizedeki, mtu mpole asiyependa kelele, alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Rahabu, mwanangu, kikao cha kugawa matengenezo ya barabara ni keshokutwa. Hiyo ziada imetoka wapi?"

"Naitafuta, mzee."

"Itafute, ila usiniletee nyingine."

Alianza na yale ya kawaida. Huenda barabara fulani ilichorwa mara mbili, mstari juu ya mstari. Hakuona. Huenda maumbo ya wilaya yalipandana pembeni, kipande kikawa ndani ya wilaya mbili kwa wakati mmoja. Hayakupandana. Barabara zinazovuka mpaka nazo hazikuwa na kosa, kwa kuwa pale zinapovuka, mpaka unazigusa kwenye nukta tu, na nukta haina urefu. Mwishowe akaiambia kompyuta imwonyeshe kila kipande kilichotokea kwa majina ya wilaya mbili. Kikaja kimoja, kirefu. Aliijua ile kona. Aliijua na kona iliyofuata.

Ilikuwa barabara ya kwao, Kimbwi.

Zamani Kimbwi ilikuwa katikati ya wilaya moja kubwa. Wilaya ilipogawanywa, ikabaki wilaya mama na kuzaliwa wilaya mpya, na aliyechora mpaka hakujisumbua na mawe wala miti. Aliifuata barabara, akabonyeza juu ya mstari wake ule ule, kona kwa kona. Mpaka na barabara vikawa kitu kimoja. Sasa ukiiuliza kompyuta kama barabara ile imo katika wilaya mama, inasema imo, maana ukingo wa umbo ni mali ya umbo. Ukiiuliza kuhusu wilaya mpya, inasema imo vile vile. Haikudanganya. Ilijibu swali bovu kwa uaminifu.

Dawa aliipata kabla chai ya Bwana Melkizedeki haijapoa. Kila kipande kilicholala juu ya mpaka, urefu wake ugawanywe kwa idadi ya wilaya zinazokidai. Wilaya mama saba, wilaya mpya saba. Akajumlisha upya. Namba mbili zikakutana, mpaka mita ya mwisho.

Kwenye kikao walimpigia makofi. Injinia Festo wa wilaya mama alisema hatimaye wamepata mtu anayejua kazi. Injinia Benson wa wilaya mpya, mcheshi, mwenye kitambi na simu mbili, alimwita "dada yangu wa haki sawa". Rahabu alirudi kwenye chumba chake cha kupanga akiwa na furaha ya kweli, ile inayomfanya mtu anunue kuku mzima kwa siku isiyo sikukuu. Tusimlaumu. Hesabu ilikuwa sahihi.

Mvua zilipokaribia, mama yake alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huko ofisini kwenu, greda mnalituma na akili zake au linakuja lenyewe?"

"Limefika?"

"Yamefika mawili! Moja lilikuja baada ya mavuno, likachonga kutoka mnadani mpaka kalavati, likageuza. Tukasema sawa, linarudi kesho. Juzi likaja jingine, la rangi nyingine. Likachonga kutoka mnadani mpaka kalavati, likageuza. Palepale lilipochonga la kwanza. Sisi wa huku mbugani tunaangalia tu."

Rahabu alikaa kitandani. Aliielewa habari yote kwa mara moja, na hakupenda namna alivyoielewa upesi hivyo. Jedwali lake lilisema saba na saba. Halikusema saba ipi. Injinia Festo akachagua saba zake upande wa mnadani, penye changarawe, ambako greda linateleza bila taabu. Injinia Benson naye akachagua saba zake, na hakuwa mjinga wa kuanzia kwenye matope. Kule kuhesabu mara mbili alikokufukuza kwenye kompyuta kulikuwa kumehamia chini, kwenye udongo. Nusu moja ilichongwa mara mbili, nyingine haikuguswa.

Na nusu ile nyingine ndiko walikokuwa mama yake, babu yao asiyeinuka kitandani, na mdogo wake Witness, mwenye mimba ya miezi minane.

Jumamosi alipanda basi, akashuka Shelui, akachukua bodaboda. Mpaka kalavati, kile kidaraja cha katikati ya njia, walikwenda kama kwenye lami. Baada ya kalavati dereva alisimama, akatazama makorongo, akasema, "Dada, mimi naishia hapa." Rahabu akatembea. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa bado mkavu, umepasuka, na Rahabu alijua mvua mbili tu zingeufanya uwe kama ugali uliokorogwa vibaya. Njiani alikutana na mzee Simeoni, jirani yao, akiswaga ng'ombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ramani?"

"Ndiyo babu."

"Wanasema umeikata barabara katikati."

"Sijaikata, babu. Nimeigawa tu ili isihesabiwe mara mbili."

Mzee aliinua fimbo yake. "Heri ungeiacha ihesabiwe," akasema, na kuwafuata ng'ombe wake.

Witness alikuwa amekaa kivulini anachambua mchicha, miguu imevimba. Alipomwona dada yake alicheka, maana Witness hucheka kabla ya kila kitu. Mama yao hakucheka. Alimwandalia ugali na mlenda, akangoja amalize, ndipo akauliza: "Siku yake ikifika, tutampitisha wapi?" Rahabu alisema atalishughulikia. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiwa ya kiofisi, akaona aibu.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Bwana Melkizedeki kabla ya mfagizi. Alikuja na dawa ya pili, bora kuliko ya kwanza: barabara ikatwe pale kalavati, katikati yake hasa. Upande wa mnadani uwe wa wilaya moja, upande wa mbuga wa nyingine. Kila moja itabaki na saba zake na jumla haitatikisika, ila sasa kila saba itakuwa na mahali pake.

Bwana Melkizedeki alilipenda neno "haitatikisika". Aliwaita mainjinia wote wawili.

"Sawa kabisa," alisema Injinia Festo. "Wangu ni upande wa mnadani. Nimeshauchonga."

"Ndugu yangu, mnadani nimechonga mimi," alisema Injinia Benson. "Tena juzi. Nenda kaangalie alama za greda."

"Alama zako ziko juu ya zangu."

"Basi zinazoonekana ni zangu."

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu wanaolala nyumbani kwao mvua zikinyesha. Rahabu hakucheka. Alisema kuna wajawazito kule mbugani, na mvua haziko mbali. Injinia Benson alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza.

"Dada Rahabu, kule si ndiko kwenu?"

Rahabu alijua neno lolote atakalosema baada ya hapo litakuwa la mtoto wa Kimbwi, si la mtaalamu. Akikaa kimya anamwacha Witness. Akisema anaonekana anaivuta barabara kwao. Alijibu tu, "Ndiko kwetu, Injinia."

Bwana Melkizedeki aliweka kikombe chini. "Jamani, mambo ni mepesi. Mbuga tuipe wilaya mpya, kuanzia mwaka ujao. Mwaka huu haiwezekani. Mnajua kwa nini?" Akageuza karatasi ili Rahabu aone. "Festo ameleta taarifa kwamba saba zake zimekamilika. Benson naye zake zimekamilika. Saba na saba kumi na nne. Barabara hii imechongwa yote. Naombaje greda la kuchonga barabara iliyochongwa?"

"Lakini haijachongwa, mzee."

"Najua, mwanangu. Ila hesabu ni yako."

Alirudi mezani kwake. Angeweza kubomoa jedwali, lakini lilishapelekwa juu, na kila wilaya ilishaweka mipango yake juu yake. Angeweza kuandika malalamiko, naye ndiye angekuwa wa kwanza kulalamikiwa. Alihisi kufungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, tena akiisokota vizuri. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akaomba ruhusa.

Mawingu yalikuwa yameanza kutanda alipofika tena Kimbwi. Alimwomba mzee Simeoni mkokoteni wake wa ng'ombe. Mzee alifunga ng'ombe. Wakampandisha Witness juu ya godoro, Rahabu akatembea pembeni ameshika mkono wake, na katika kila korongo Witness alifumba macho akauma kanga. Mama yao alikataa kuondoka. Kuku wataangaliwa na nani, alisema, na babu yenu ambaye hata kusimama hawezi? Alibaki mlangoni, akawa mdogo, kisha kona ikamchukua.

Kwenye kalavati walikuta gari la kukodi. Kutoka hapo safari ilikuwa laini, na ulaini ule ulimkera Rahabu kuliko makorongo.

Mvua zilianza Witness akiwa ameshazoea kitanda cha dada yake. Jioni moja, Rahabu akimalizia kazi kwenye kompyuta ndogo aliyoruhusiwa kuja nayo, Witness alijiviringisha mpaka begani kwake.

"Nionyeshe kwetu."

Rahabu aliikuza ramani. Mnada ukaonekana, kalavati, mbuga, na mstari wa barabara ukijipinda kona kwa kona.

"Mbona ya kijani?"

"Kijani ni iliyochongwa."

Witness aliufuata mstari kwa kidole, akalipita kalavati, akaipita mbuga, akafika nyumbani bila kukwama. "Kumbe tulishachongewa!" akasema, akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Halafu kicheko kikaishiwa nguvu. Mvua ilikuwa imeshika bati.

"Dada," akasema, "babu akizidiwa, mama atatokaje naye?"

Rahabu alishika simu akampigia mama yake, ikaita muda mrefu, na mbele yao barabara ya Kimbwi iliendelea kuwa ya kijani, kutoka mwanzo mpaka mwisho.