Kivuli Chini ya Bamba la Shaba

Ilikuwa Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, mteja alipompiga baba ngumi ya kwanza. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho simu ili nisiangaliane na mtu.

Baba ni seremala, karakana yetu iko hapahapa Ujiji. Mteja alikuwa ameleta kabati la bibi yake liungwe mguu. Lina droo nne, kila moja na kishikio cha shaba kilichokuwa cheusi kwa uzee. Kosa ni langu. Baba alipokwenda Bangwe kufuata mbao, nilivisugua kwa ndimu na majivu mpaka vikawaka. Nilitaka anisifu.

"Vya bibi viko wapi? Umenipachikia vya dukani! Mwizi we!" mteja alifoka.

Mtaani kwetu neno hilo halirudiwi mara mbili. Bodaboda wa kijiweni walifika baba hajafungua mdomo. Mmoja alimkanyaga vidole sakafuni, nikasikia kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Mwingine aliuliza petroli iko wapi, akacheka: "Fundi, leo unapigwa vanishi wewe!"

Mkojo ulinitoka. Nikachukua bisibisi, nikafungua kishikio cha juu.

"Tazameni." Sauti haikutoka. Nikapiga yowe: "Tazameni!"

Chini ya bamba la kishikio mbao ilikuwa na kivuli, rangi ambayo jua na mikono havijaigusa, umbo la bamba lenyewe, ukingo kwa ukingo. Matundu ya skrubu mawili tu. Na pale mpini wa kishikio unapoangukia, mbao imebonyea kwa miaka. Kipya kingelalaje hivyo kwenye kivuli cha zamani? Cha pili vilevile, na cha tatu.

Cha nne kiliniangusha. Kivuli kilikuwa kipana kuliko bamba, na pembeni matundu mengine mawili, yamezibwa.

"Na hiki?" Mteja alinikaba shingo.

"Kilibadilishwa," nilisema kwa shida. "Lakini kitambo. Vanishi kuukuu imepita juu ya vizibo."

Akakaza vidole.

Mama yake, aliyekuwa akimngoja kwenye bajaji mlangoni, akashuka. "Mwachie mtoto wa watu! Hicho marehemu baba yako aliking'oa mwenyewe, siku aliponipiga na hiyo droo." Akavua kilemba. Kovu lilianzia kwenye paji la uso likapotelea kwenye mvi. "Akanunua kingine, akapaka vanishi, akaniambia nisiseme."

Mteja aliniachia. Bodaboda waliwasha pikipiki zao, hakuna aliyesema pole.

Hospitali walimfunga baba mkono, wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Baba alisema tuyaache.

Asubuhi nilimnywesha uji kwa kijiko, nikaenda kituoni peke yangu. Askari aliniambia niongeze sauti. Nikaongeza, nikamtaja mteja kwa jina lake kamili, na yule wa petroli pia.