Siku Niliyompigia Nekesa Kelele za "Ongeza"

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, mwenye suti moja na mdomo mwingi, nilipoingia kwenye godauni fulani huko Industrial Area nikiwa na hakika kwamba nitatoka hapo mtu wa televisheni. Nilitoka nikiwa sitaki hata kuangaliwa usoni. Siku hizi naona mnajirekodi kwa simu na kutuma video mkiitafuta kazi hiyo hiyo, kwa hiyo kaa kidogo nikueleze.

Mimi nilikuwa emsii, mshereheshaji. Harusi za Waluhya wenzangu, michango ya kanisa, harambee za karo, kote niliitwa. Na kazi ya emsii wa harambee unaijua: mtu akitoa alichonacho, humwachi aketi. Unamtaja jina, unamtania kidogo, kisha unawageukia watu na kuwauliza, "Huyu tumwache hivi tu?" Nao wanaitikia, "Ongeza!" Akiona haya, anaongeza. Sikuona ubaya wowote, maana paa la kanisa letu lilipanda kwa mdomo huo. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kulikuwa na kipindi kipya cha chemshabongo cha mitaa ya Eastlands, na kilitafuta mwendeshaji. Mtayarishaji wake alikuwa Bi Kavata, mama wa Kikamba asiyepandisha sauti hata akikukemea. Nilidhani atatafuta sura na sauti nzuri. Kumbe siku ya kwanza alitupa kadi ambazo hatujawahi kuziona tuzisome bila kukwama, majibu manne kwa uzito mmoja, ili anayesikiliza asijue lipi ni la kweli. Wengi walianguka hapo, kwa sababu ukishalijua jibu, ulimi hulipaka sukari. Siku ya pili alitutia kisikizi sikioni, akawa anatuhesabia sekunde huku sisi tukiongea, na ole wako usimame. Halafu aligusa kijiko mezani akasema tuseme mitambo imeharibika, ongea juu ya hiki kijiko mpaka ipone. Hapo nilicheka moyoni. Ningeongea juu ya kijiko hadi Krismasi.

Tukabaki wawili: mimi na Mutiso, karani kutoka mtaa wa Fedha, mtu mkimya aliyevaa sweta wakati wa joto. Nilimhurumia, nisikudanganye.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kipindi cha majaribio, kila mmoja na mchezaji wake, kamera zote zikiwa wazi na watu wa mitaani wamejaa kwenye viti. Bi Kavata alisema zawadi zitakuwa za kweli, ili woga nao uwe wa kweli. Mchezo ulikuwa ngazi ya maswali saba. Kila ukipanda, zawadi inakua. Ukishasomewa swali, unaweza kukataa kulijibu na kuondoka na ulichonacho. Ukijibu vibaya, unaondoka mikono mitupu.

Mchezaji wangu aliitwa Nekesa, kibarua wa kiwanda cha nguo, mkazi wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Alipanda ngazi tano. Ya tano ilikuwa cherehani ya umeme, ipo pale jukwaani, mpya, na kila mara macho yake yalikuwa yanaenda huko. Nilimwuliza angeifanyia nini. Akasema, "Ningeacha kungoja getini asubuhi kuona kama nitachukuliwa." Aliisema kwa sauti ndogo sana, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu watazamaji walinyamaza vizuri.

Nikasoma la sita. Kati ya Magadi, Elementaita, Nakuru na Naivasha, ni ziwa lipi maji yake hayana chumvi? Nekesa akafunga macho. Akasema, "Mimi... naona nishukie hapa. Hiyo cherehani inanitosha."

Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, mwanangu. Mama wa watu alikuwa ameamua. Sikioni Bi Kavata akaniambia, "Mwulize mara moja kama ni uamuzi wake. Usimsukume." Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini niliona kimya kinazidi, nikaogopa kwamba kipindi changu kinakufa na kazi inaenda kwa Mutiso. Nikawageukia watu. "Watu wa Mukuru, huyu tumwache hivi tu?"

"Ongeza!"

Jasho lilimtoka Nekesa juu ya mdomo. Akanitazama mimi, si wao. "Nijibu?" akaniuliza. Nikatabasamu. "Mama, ngazi ni mbili tu zimebaki." Sikioni nikasikia, "Barasa, acha." Watu walikuwa wamesimama sasa, wanapiga makofi kwa mpigo. Nekesa akasema taratibu, "Nakuru?" huku akinisoma uso. Tabasamu langu lilikuwa bado lipo, la kuwafurahisha watu. Akakaza sauti. "Nakuru."

Lilikuwa Naivasha. Vijana wawili waliingia wakaibeba ile cherehani wakairudisha nyuma ya pazia, na Nekesa alikaa akiitazama ikienda. Makofi yalikufa yenyewe.

Baadaye Mutiso alikaa na mchezaji wake. Alisoma, akanyamaza, na mchezaji aliposita alimwambia tu, "Uamuzi ni wako. Tuna muda." Basi. Mpiga ngoma wa kipindi akajikuta anapunguza ngoma, wa kamera wakasogea karibu na uso, na sisi tuliokaa tukashikana mikono na watu tusiowajua. Mchezaji alishukia ya nne na kikapu cha sufuria, na watu walimshangilia kama aliyeshinda.

Bi Kavata aliniita pembeni. "Barasa, una kipaji. Lakini kipindi huvaa sura ya anayekiendesha. Nikikupa wewe, kila wiki watu watakuja kuona maskini akisukumwa. Nikimpa Mutiso, watakuja kuona mtu akifikiri." Kisha akanipa kazi ya mtangazaji asiyeonekana, wa kutaja wachezaji na zawadi, na kuwaandaa watazamaji kabla kamera hazijawashwa. Niliona ni tusi. Niliikubali kwa sababu ya njaa.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha. Kila mchezaji nilimwendea mapema nikamwuliza jina lake linatamkwaje kwao. Watazamaji niliwafundisha kupiga makofi na kutonong'oneza majibu, na neno "ongeza" nililipiga marufuku mimi mwenyewe. Huko mitaani hakuna aliyekiita kipindi kwa jina lake. Walisema, "Leo kuna Tuna Muda." Maneno ya mtu mkimya yakawa jina.

Lakini nilikuwa bado sijamwomba Nekesa msamaha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu lilikuwa linaniuma. Siku moja nilimkuta nje ya geti la kiwanda, bado anangoja kuchukuliwa. Nilitarajia matusi. Akanisalimia kwa adabu.

"Dada Nekesa, nilikukosea siku ile. Zile kelele..."

"Kelele sikuzijali," akasema. "Harambee nimezizoea. Lakini kadi ulikuwa nayo wewe. Nikaona unacheka, nikasema huyu ni mtu wa kwetu, anajua jibu, hawezi kuniacha nianguke."

Geti likafunguliwa, akaingia.

Mwanangu, ukisimama mbele ya watu na kipaza sauti, jua kwamba aliye mbele yako ana hofu, na katika hofu yake anakuamini. Usiuze imani hiyo upate makofi. Ukiwa unalijua jibu, uso wako nao ni ulimi, ufunge. Mwenzako akisema inatosha, mpe muda, halafu mwache ashuke na chake. Mungu akupe sauti, na akupe pia moyo wa kuinyamazisha. Wakutazamao wakuone mtu, na wakuaminio wasijute kamwe.