Kengele Niliyoifunga Bila Kuisoma

Ofisi yetu ipo Karatu mjini, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tupo wanne. Kazi yetu ni kulinda barua pepe na kompyuta za hoteli na kambi za watalii, kuanzia hapa mjini mpaka juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mtu akijaribu kuingia mahali asipotakiwa, mitambo yetu hutoa tahadhari kwenye skrini. Sisi tunaziita kengele, ingawa hazilii. Zinajipanga tu kwenye foleni, na mmoja wetu lazima azifungue moja baada ya nyingine na kuamua: huyu ni mwizi, au ni mtu wetu?

Mwaka wangu wa kwanza niliipenda kazi hiyo mpaka nikamchosha mama. Nikirudi nyumbani Rhotia jioni nilikuwa namsimulia jinsi nilivyomfuatilia mtu kwenye kumbukumbu za seva, hatua kwa hatua, huku yeye akipepeta maharage na kuitikia "ehee, ehee" bila kuelewa hata nusu. Mwaka wa pili simulizi zilipungua. Mwaka wa tatu nikawa naingia ndani na kulala.

Kengele zilikuwa zimeongezeka kuliko uwezo wetu sisi wanne. Kila hoteli mpya iliyojiunga ilikuja na foleni yake, na karibu zote zilikuwa za uongo. Kulikuwa na aina moja niliyoichukia kabisa. Inaitwa safari isiyowezekana: mtambo unaona akaunti moja imeingia kutoka Tanzania, na dakika kumi baadaye akaunti hiyohiyo inaingia kutoka Ulaya. Hakuna ndege ya namna hiyo, kwa hiyo mtambo unapiga kelele. Hoteli moja ya ukingoni ilitoa kengele hizo kutwa nzima, nyingi zikiwa za dada mmoja wa mapokezi anayeshughulikia oda za wageni. Mwanzoni nilikuwa naifunga akaunti yake na kumpigia simu kuhakikisha. Alikuwa anajibu kwa upole, "Ni mimi, dada. Nipo hapa hapa kaunta." Baada ya mara nyingi upole ukamwishia. Na mimi ukaniishia.

Nilianza kuona mambo ya ajabu kwangu mwenyewe. Kanisani, simu ya mtu ikilia kidogo tu, mkono wangu unakwenda kwenye mkoba. Nilimfokea mama kwa sababu aliniuliza kama nitakula. Kazini nilikuwa nafunga kengele kumi mfululizo, kisha nashindwa kukumbuka hata moja ilihusu nini. Wakati huohuo nilikuwa nasomea mtihani wa kupanda daraja. Kitabu kilikaa wazi ukurasa uleule wiki nzima, nami nikajiambia kwamba mtu asiyeweza kusoma ukurasa mmoja hafai kupanda popote.

Basi siku moja mchana, saa nane hivi, kengele ya yule dada wa mapokezi ikaja tena. Safari isiyowezekana, Ulaya. Niliona jina la akaunti, nikaona bara, nikaandika "kawaida", nikaifunga. Nadhani ilinichukua sekunde nne.

Kesho yake asubuhi alinipigia yeye.

"Dada," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kuudhika niliyoizoea, "kuna wageni wanapiga simu kuniuliza kuhusu barua pepe niliyowatumia. Mimi sijatuma barua yoyote."

Niliifungua ile kengele ya jana. Kila kitu kilikuwa pale, kimeandikwa wazi. Kompyuta iliyoingia haikuwa miongoni mwa zile tulizozisajili. Mtandao ulikuwa wa kampuni ambayo hoteli ile haijawahi kuitumia. Na dakika chache baada ya kuingia, mtu huyo aliweka agizo ndani ya kisanduku cha barua cha yule dada, kwamba majibu yote ya wageni yahamishiwe folda iliyofichika, ili mwenye akaunti asiyaone. Muda mfupi kabla ya kengele hiyo, dada alikuwa amebofya kiungo kilichompeleka kwenye ukurasa unaofanana na ule wa barua pepe ya hoteli, akaandika nywila na namba ya uthibitisho. Mwizi akavichukua vyote viwili papo hapo na kuingia navyo.

Nilimwita mkuu wetu wa zamu. Ni mwanamume wa makamo ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio za magari ya watalii, na mpaka leo anatembea na bisibisi mfukoni ingawa hakuna kitu cha kufungua. Hakupaza sauti. Alivuta kiti akakaa kando yangu, tukafanya kazi. Tulimtoa mwizi kwa kukata miunganisho yote iliyokuwa wazi kwenye akaunti, tukabadilisha nywila, tukafuta lile agizo la kuficha barua, tukatafuta kama kuna mwingine aliyebofya kiungo kilekile. Hakukuwepo. Yule dada, kwa upande wake, aliwaandikia wageni wote mmoja mmoja kuwaonya wasifungue kitu. Kufikia saa saba mchana mambo yalikuwa yametulia.

Ndipo nikamwambia, "Kaka, naomba niache kazi."

"Kwa nini?"

"Niliiona. Nikaifunga bila kuisoma. Siyo ya jana tu. Zipo nyingi nazifunga bila kusoma."

Alinigeuzia kiti chake. Kisha akasema, "Hiyo ya mwisho ndiyo nilikuwa naisubiri uiseme. Mimi naijua, maana na mimi nimewahi kuzifunga hivyo. Nilipokuwa Arusha kwenye kituo kingine nilifika mahali naingia chooni kukaa tu, nisione skrini. Sikumwambia mtu. Niliondoka kimyakimya, na nikajuta zaidi kwa kuondoka kimya kuliko kwa kuondoka." Akanitazama. "Ulikosea, na tutaandika hivyo kwenye ripoti. Lakini tutaandika pia kwamba kengele hii ililia uongo mara ngapi kabla haijasema kweli. Hilo ni kosa langu mimi niliyeiacha ilie. Sasa nenda nyumbani ukalale siku mbili. Ukirudi usikae kwenye foleni. Nenda kule juu ukaone inaliaje."

Nililala. Mama alinipikia uji, akafunga mlango wa chumba changu taratibu kama vile ndani kuna mtoto mchanga. Siku ya pili nilimsimulia yote, na safari hii hakuitikia "ehee". Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanifokea," na akaonekana amefarijika, kwa sababu alikuwa amedhani ana kosa.

Nilipanda kwenda hotelini na gari lao la mboga, nikiwa nimebanana na magunia ya vitunguu vya Mang'ola. Tukapita geti la hifadhi la Lodoare, na baada ya hapo ukungu ukatumeza. Yule dada alikuwa mlangoni akinisubiri, mwembamba, mrefu, mwenyeji wa Malambo, na shanga mkononi chini ya mkono wa sare ya hoteli.

"Kumbe ndiye wewe unayenifungia mlango kila siku!" akasema, akacheka, akanishika mikono yote miwili. "Karibu, dada. Chai kwanza, lawama baadaye."

Lawama hazikuja. Nilimwomba msamaha, naye akaniomba kwa kubofya kile kiungo, tukabaki tunaombana msamaha hadi mpishi akatuletea vitumbua ili tunyamaze.

Kisha nikakaa nyuma ya kaunta kumtazama akifanya kazi. Hoteli ile inapata mtandao kwa dishi la setilaiti, la kampuni ambayo kituo chake cha ardhini kiko Ulaya. Kwa hiyo akitumia dishi, mitambo yetu inamwona Ulaya. "Lakini mvua ikiwa kubwa," akanieleza, "hili dishi linasumbua. Nahamia kwenye bando la simu. Likitulia narudi." Asubuhi ile mvua ilinyesha, nikamwona akihama mara tano, bila hata kuacha kuongea na wageni. Kila mara alikuwa amesafiri kwenda Ulaya na kurudi, amesimama palepale. Miaka miwili nilikuwa nafunga kengele za mvua, na hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya kujua, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Nilirudi Karatu na daftari limejaa, na kitu nilichokuwa nimekisahau: hamu. Mkuu wangu alinipa wiki nzima nje ya foleni. Hatukuizima kengele, maana kuizima kungekuwa kumpa mwizi njia. Tuliifundisha. Akaunti ya hoteli ile, ikitumia kompyuta iliyosajiliwa, kupitia mtandao wa lile dishi, inaandikwa kwenye kumbukumbu tu. Ikiwa kompyuta ni ngeni, inapanda foleni. Ikiwa baada ya kuingia kuna agizo jipya la kuficha au kuhamisha barua, inakwenda juu kabisa na simu ya mwenye zamu inaita. Kisha tukaijaribu kwa kumbukumbu za miezi iliyopita. Kengele za mvua zikanyamaza. Ile ya mwizi ikatokea ya kwanza, peke yake. Mkuu wangu alinipiga begani, akatoa bisibisi yake na kuniwekea mezani.

Haikuwa mwisho wa uchovu. Mwenye kampuni aliposikia kwamba tunataka kila wiki mmoja wetu akae nje ya foleni arekebishe kanuni na kusoma, aliuliza, "Na kwenye foleni atakaa nani?" Mkuu wangu akamjibu kwamba foleni itapungua. Haikupungua haraka. Kwa miezi miwili, wale watatu waliobaki kwenye foleni walielemewa, nami niliona aibu kila wiki yangu ilipofika. Ilipungua tulipokwisha kupita hoteli moja baada ya nyingine, tukiuliza maswali yaleyale ya kijinga: mnaingiaje, mnahamaje, nani hutumia kompyuta hii baada ya chakula cha mchana?

Mtihani nilifeli mara ya kwanza. Nikaurudia nikafaulu. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kuandika kanuni za kengele, lakini bado nashika zamu kama wengine, na zipo siku ninazoona herufi zinateleza. Mwezi uliopita ilikuwa hivyo. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Jamani, leo macho yangu hayasomi." Mkuu wangu akahamia kwenye kiti changu bila swali. Nikashuka ngazi, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikayala nimesimama juani kando ya barabara, nikitazama magari ya watalii yakipanda kuelekea getini.

Na yule dada wa mapokezi hunipigia bado, mara nyingi bila sababu ya kikazi. Juzi alinitumia picha ya barua aliyoitilia shaka. "Huyu si mgeni wetu," aliandika. "Angalia anavyosalimia." Nikaangalia. Alikuwa sahihi kabisa, na aliigundua kabla ya mtambo wangu.