Simu Iliyooshwa Mdomo

Siku hizi kila mtu ana simu yake mfukoni na hana la kumwambia mtu, lakini miaka ile ya mwanzo wa tisini, mtaa wetu mzima wa Kibera ulikuwa na simu moja, na tulikuwa na mengi ya kusema.

Simu hiyo ilikuwa ya Fatna, Mnubi wa Makina, tuliyemwita Mama Sabah kwa jina la binti yake. Laini aliiacha baba yake. Ilikaa barazani juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe maua mekundu. Wapangaji wake, na sisi majirani, tuliruhusiwa kupokea simu hapo. Hakutaka pesa. Alitaka kipande cha sabuni.

Sabuni hiyo alikuwa na kazi nayo. Mama Sabah alichukia uchafu kuliko alivyomchukia Shetani, na uchafu mkubwa kuliko wote, kwake, ulikuwa mate ya watu. Kila jioni, wapokeaji wakishaondoka, alichovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akausugua mkono wa simu upande wa kusemea, tundu kwa tundu, kisha akadondosha tone la manukato. Upande wa kusikilizia hakuugusa.

"Sikio halina uchafu," aliniambia. "Mdomo ndio hutoa maneno ya ajabu."

Hakuna aliyembishia. Nyumba ilikuwa yake.

Asubuhi moja alikuja Benard, seremala kijana wa Gatwekera aliyekuwa amekaa miezi minne bila kazi. Ndeti, mzee mwenye karakana ya samani Kawangware, alikuwa ameahidi kumpigia saa nne. Kijana akijibu kwamba yuko tayari, aanze siku hiyo hiyo. Zamani mtu akitaka kazi alikwenda akasimama mlangoni, mwenye kazi akaiona mikono yake. Lakini Benard alikuwa kijana wa kisasa. Alivaa shati la Jumapili ili apokee simu.

Simu ikalia. Benard akainyakua.

"Hallo!"

"Hallo?" Sauti ya Ndeti ilitoka safi hata mimi niliyekaa kando niliisikia. "Hallo, nani hapo? Ni Benard?"

"Ni mimi, mzee! Niko tayari!"

"Hallo? Mbona kimya? Benard, unataka kazi ama hutaki?"

"Nataka! Nataka, mzee!"

"Paza sauti," akasema Mama Sabah.

Benard akapaza. Mama mboga akageuka barabarani. Mbuzi akaacha maganda aliyokuwa akila. Nadhani hadi mtaa wa jirani wa Olympic walijua kwamba Benard anataka kazi. Aliyekuwa hajui ni Ndeti peke yake.

"Nitapiga mara moja tena," Ndeti akasema. "Nikikuta kimya hiki, namwita Kavoi aje badala yako." Akakata.

"Huyo mzee ana nta masikioni," Mama Sabah akatangaza. "Wewe si umemsikia vizuri? Basi simu ni nzima."

Watu waliokusanyika wakaitikia. Hivyo ndivyo binadamu alivyo: akisikia vizuri, huamini kwamba anasikika.

Mimi niliwahi kufagia kituo cha simu miaka kumi na moja, na vitabu ambavyo mafundi walivitupa nilivisoma mpaka nikavielewa. Nikamwambia Benard, "Puliza hapo pa kusemea, usikilize sikioni mwako."

Akapuliza. "Sisikii kitu, Baba Aketch."

"Simu ikiwa nzima, pumzi yako mwenyewe inakurudia kidogo sikioni. Isiporudi, haijatoka. Masikio ya Ndeti hayana kosa. Mdomo wetu ndio uliokufa."

"Mdomo wa simu yangu," Mama Sabah akasema akisimama, "ni msafi kuliko wako wewe."

"Hapo sibishi, Mama Sabah. Lakini sikio na mdomo wa simu ni vitu viwili tofauti. Kimoja hufa, kingine kikaendelea kama hakuna msiba. Niruhusu nifungue."

"Hufungui kitu! Baba yangu hakuwahi kuifungua."

Simu ikalia tena.

"Benard," Ndeti akasema, "hii ndiyo mara ya mwisho. Hallo? Hallo? Haya. Nimeelewa. Vijana wa siku hizi mna maringo."

Benard alijibu kwa adabu mara tatu. Mara ya nne aliona hakuna haja, kwa kuwa hasikiki. Uso ukambadilika, kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Maringo ni yako wewe! Mzee bahili, una meno kama msumeno wa kukodi!" Kisha kwa hasira akaugonga mkono wa simu kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili, akaurudisha usoni amalizie. "Msumeno wenyewe una kutu!"

Halafu Ndeti akasema, taratibu kabisa, "Aha. Sasa nakusikia."

Akakata.

Benard akaketi chini na shati lake la Jumapili. Hakuna aliyecheka. Safari hii sikuomba ruhusa. Nilizungusha kifuniko cha upande wa kusemea kikafunguka, nikatoa kikopo kilichomo. Tone la maji likadondoka sakafuni, likanukia waridi.

"Ndani ya hiki mna chembe za makaa," nikawaeleza. "Ukisema, sauti yako huzitikisa, na umeme unaopita ndani yake hutikisika nazo, ndipo mwenzako akasikia. Zikilowa hugandana kama chumvi wakati wa mvua. Umeme unapita, simu inalia, unasikia vizuri, lakini sauti yako haina cha kutikisa. Benard alipougonga ziliachana kidogo."

"Zikaachana saa hiyo," Benard akanung'unika.

Mama Sabah aliinama, akaligusa lile tone, akanusa kidole chake. Kisha akakifunga kikopo ndani ya leso, akajitupia shela.

"Benard, inuka. Twende."

"Kumpigia, Mama Sabah?"

"Kwa miguu."

Tulitembea hadi Kawangware, yeye mbele, sisi nyuma. Alipofika kwa Ndeti hakungoja kukaribishwa. Mbele ya mafundi wote akafungua leso.

"Salaam aleikum. Mimi ndiye mwenye simu. Nimeiosha mdomo kwa sabuni miaka sita mpaka ikazama. Kijana alikuitikia tangu mwanzo. Kosa ni langu."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo matatu ya mwisho, hata kwa mumewe.

Ndeti akakitikisa kikopo karibu na sikio. "Na yale meno ya msumeno, mama? Nayo yaliingia maji?"

"Hayo ni yake mwenyewe. Mimi nimekuja kwa langu."

Ndeti akacheka, na meno yakaonekana. Benard hakuwa amedanganya sana. Kavoi alikuwa hajafika. "Haya," Ndeti akasema, "kijana anayejua misumeno hivi ataanza kwa kuinoa. Mwezi mzima. Ndipo nitampa mbao."

Benard akakubali kwa kunong'ona, na alisikika.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Benard, fundi kamili sasa, alikuwa amemletea Mama Sabah meza mpya ya simu aliyoichonga mwenyewe. Mama Sabah aliiweka simu juu yake, akaufuta mdomo kwa kitambaa kikavu, kwa uangalifu, kama nilivyomwagiza. Kisha akatazama kulia na kushoto, akatoa kichupa kifuani, akadondosha tone la manukato upande wa kusikilizia.